Harufu Ina Kiambishi Chake?

Mhariri wa jarida la isimu akitaka uhakiki makala, anakutumia faili lililofutwa jina la mwandishi. Mwandishi naye hataambiwa ni nani aliyemsoma. Unapewa wiki kadhaa, hulipwi, na mwishoni unarudisha ripoti yenye pendekezo moja kati ya manne: ichapishwe ilivyo, irekebishwe kidogo, irekebishwe sana, au ikataliwe. Kwa kuwa makala za namna hiyo ni siri mpaka zichapishwe, hii nitakayoifungua hapa nimeitunga mwenyewe. Lugha yake, mwandishi wake na hesabu zake ni za mfano tu. Lugha nyingine zote nitakazozitaja zipo, na kasoro nitakazozionyesha ni zile ambazo mhakiki wa fani hii hukutana nazo mara kwa mara.

Dai la makala ni hili. Katika lugha moja ya bondeni yenye wasemaji wachache, kila kitenzi cha sentensi ya taarifa hufungwa na kiambishi kinachotaja msemaji amejuaje anachokisema. Mwandishi ameorodhesha vinne. Kiambishi -ta ni cha aliyeona, -le ni cha aliyekisia kutokana na dalili, -po ni cha aliyesimuliwa, na cha nne, -su, ni cha aliyenusa. Hicho cha nne ndicho kilichoandikiwa makala. Mwandishi anasema amegundua aina mpya ya ushahidi katika sarufi za binadamu, yaani alama ya pua.

Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu sarufi yetu haitudai chanzo. Ukisema "Juma amecheza mpira" umemaliza. Kama ulikuwa uwanjani, kama ulisikia kelele tu, au kama mdogo wake ndiye aliyekuambia, hilo ni lako. Tunayo maneno ya kutusaidia tukitaka, kama eti, inasemekana na nadhani, lakini hakuna atakayesema umekosea sarufi ukiyaacha.

Kitariana hakitoi ruhusa hiyo. Hii ni lugha ya familia ya Kiarawaki inayozungumzwa na watu wachache sana katika eneo la mto Vaupés, kaskazini magharibi mwa Amazonia ya Brazili, na iliyoelezwa kwa kina na mwanaisimu Alexandra Aikhenvald. Huko, mtu anayesema José amecheza mpira lazima achague. Akiwa amemwona anatumia -ka. Akiwa amesikia vurumai za mchezo bila kuuona, ni -mahka. Akikuta viatu vya mpira vya José havipo na watu wanarudi kutoka uwanjani, ni -nihka. Akijua tu kwamba ni Jumapili alasiri, José hayupo nyumbani, na Jumapili zote huwa anacheza, ni -sika. Akiambiwa na mwingine, ni -pidaka. Hakuna sentensi isiyo na kimojawapo, na anayechagua vibaya huonekana mwongo au mtu asiyejua kusema. Lugha jirani ya Kituyuka, ambayo Janet Barnes aliieleza mwaka 1984, nayo ina mpangilio wa aina tano unaofanana na huo.

Mwaka 2004 Aikhenvald alitoa kitabu kilicholinganisha sarufi za mamia ya lugha kwa jambo hili moja. Alichokikuta ni kwamba milango ya fahamu haigawiwi sawasawa. Macho mara nyingi hupewa alama yake peke yake. Lugha chache zina alama kwa ajili ya sikio. Lakini harufu, ladha na mguso hazikupata alama zao za pekee katika lugha yoyote aliyoipitia. Zinapoonyeshwa, huwa zimefungwa pamoja na sikio katika alama moja ya vyote visivyoonwa kwa macho. Ile -mahka ya Kitariana ndivyo ilivyo: hutumika kwa sauti, kwa harufu, kwa ladha na kwa kuhisi mwilini.

Hapo ndipo uzito wa makala yetu ulipo. Mwandishi haongezi lugha moja zaidi katika jedwali lililokwisha kuchorwa. Anataka jedwali lichorwe upya na kuongezewa safu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilipendezwa nayo, na ripoti nzuri inapaswa kuanza kwa kusema ni nini kilichopendeza na kwa nini, bila kuruka haraka kwenye lawama. Mwandishi amekaa na wasemaji. Ana saa 22 za sauti zilizorekodiwa, na sehemu yake imenukuliwa na kutafsiriwa mstari kwa mstari katika kiambatisho. Mgawanyo kati ya -ta na -po ameuthibitisha vizuri kabisa, kwa mifano ya mazungumzo halisi ambamo msemaji mmoja anamsahihisha mwenzake kwa kutumia -ta mahali ambapo hakuwapo. Hakuna aliyewahi kuieleza sehemu hii ya sarufi ya lugha hiyo. Hata kama dai la pua likianguka lote, maelezo ya viambishi vinne vilivyo katika nafasi moja ya kitenzi, ambavyo haviwezi kukaa viwili kwa pamoja, yatabaki na thamani yake. Niliandika hivyo katika aya ya kwanza ya ripoti, kwa maneno yasiyo na "lakini" ndani yake.

Kisha nikahesabu mifano ya -su. Ipo 41. Kati ya hiyo, 38 imetokana na maswali aliyoulizwa msemaji mezani, na mitatu tu ndiyo iliyotoka katika masimulizi na mazungumzo ya kawaida. Mifano 38 ya mezani yote inahusu harufu: samaki anaungua, nyama imeoza, embe zimeiva, mtu amepita na moshi nguoni. Mwandishi anaandika kwa furaha kwamba hakuna hata mmoja uliokwenda kinyume. Ni kweli, lakini hakuna hata mmoja uliopewa nafasi ya kwenda kinyume.

Kiswahili kinaweza kutuonyesha hatari ya njia hiyo. Chukua mgeni anayekuja Tanga akiwa na wazo kwamba Waswahili wana kitenzi maalumu cha kunusa. Anaweka mbele yako karafuu, vitunguu vinavyokaangwa, mafuta ya taa na samaki aliyechacha, na kila mara anauliza, "Unapata nini?" Unamjibu, "Nasikia harufu ya karafuu. Nasikia harufu ya mafuta ya taa." Jioni anaandika katika daftari lake kwamba kusikia ni kitenzi cha pua, na ana mifano thelathini isiyo na doa. Hakukuuliza juu ya ngoma inayolia mtaa wa pili. Hakukuuliza juu ya baridi, njaa, maumivu au pilipili ulimini, ambavyo vyote tunavisikia. Laiti angeuliza swali moja tu nje ya harufu, daftari lake lingegeuka. Kitenzi chetu kinafanya karibu kazi ileile ya -mahka: kinakusanya yale yanayotufikia bila macho. Tofauti ni kwamba chetu ni neno la kawaida unaloweza kuliacha, na kile cha Kitariana ni sehemu ya lazima ya kitenzi.

Kwa hiyo swali la kwanza la ripoti yangu lilikuwa fupi. Mtu wa bondeni akiwa amelala ndani usiku, akasikia mti ukianguka msituni, atafunga kitenzi chake kwa kiambishi gani? Makala ina jedwali la viambishi na vyanzo vyake, na safu ya sauti haimo kabisa. Haikuandikwa "hakuna" wala "sijui". Imerukwa. Ila katika lugha inayodai chanzo kwa kila sentensi, wasemaji hawawezi kukaa kimya kila wanaposikia kitu gizani. Lazima wanatumia kimojawapo cha vile vinne. Kama ni -ta, basi -ta si ya macho tu bali ni ya ushuhuda wa moja kwa moja, na sehemu ile ya makala niliyoisifu itabidi ielezwe upya. Kama ni -le, lugha hiyo inaihesabu sauti kuwa dalili tu, jambo ambalo lingekuwa la ajabu na la kuvutia. Kama ni -su, pua imepoteza alama yake.

Baada ya hapo nilirudi kwenye ile mifano mitatu ya mazungumzo ya kawaida, kwa sababu mitatu isiyoombwa inaweza kuwa na uzito kuliko 38 iliyoombwa.

Wa kwanza ni wa nyama iliyoharibika, na hauna tatizo.

Wa pili ni "mvua inakuja-su". Mwandishi anaeleza kwamba msimuliaji amepata harufu ya udongo uliolowa kutoka ng'ambo ya mto. Huenda ni kweli, maana sote tunaijua harufu hiyo. Lakini sentensi hiyo imo katika hadithi iliyonukuliwa yote kiambatishoni, na nilipofungua kiambatisho nikakuta kwamba mistari miwili kabla yake radi imenguruma. Harufu haitajwi popote katika hadithi hiyo. Ametajwa mbwa aliyejificha, zimetajwa radi na giza, kisha mvua inakuja-su. Nani amesema ni pua? Ni tafsiri ya mwandishi, na tafsiri hiyo imetokana na dai ambalo mfano huo ulitakiwa kulithibitisha.

Wa tatu haumo ndani ya makala. Umo katika tanbihi ya 9, kwa herufi ndogo. Bibi mmoja anamshika mjukuu paji la uso na kusema, "Ana homa-su." Mwandishi anaongeza sentensi moja: huu ni mfano wa pekee, na huenda unaelezeka kwa kuwa mtoto mwenye homa huwa na harufu yake.

Tanbihi ile ndiyo sehemu bora ya makala, na pia ndiyo mahali dai lilipovunjikia. Bibi hakuinamisha pua, aliweka kiganja. Tukikubali kwamba homa "ina harufu" ili kuokoa kanuni, tutashindwa kukataa lolote, kwa kuwa karibu kila kitu duniani kina harufu. Kanuni inayookolewa hivyo haiwezi tena kukosea, na isiyoweza kukosea haituambii kitu. Wakati huohuo, mwandishi angeweza kuificha tanbihi hii na hakuna mhakiki ambaye angejua. Rekodi ni zake, bonde ni la mbali. Ameichapa dhidi ya maslahi yake mwenyewe. Nilijaribu kuyasema yote mawili pamoja, na hivi ndivyo ripoti ilivyosomeka: "Namshukuru mwandishi kwa kutuonyesha mfano wa tanbihi ya 9, ambao angeweza kuuacha. Namwomba autoe katika tanbihi na kuuweka katikati ya makala, kwa sababu pamoja na mfano wa mvua unaelekeza kwenye maelezo mengine yaliyo rahisi zaidi: kwamba -su ni alama ya kujua bila macho, na kwamba tumeiona zaidi kwenye harufu kwa kuwa tuliitafuta kwenye harufu."

Kuna ugumu wa pili, na huu si kosa la mwandishi pekee. Harufu yenyewe ni shahidi wa aina yake. Ukimwona samaki anaungua, unaliona tukio. Ukimsikia mtu anapasua kuni, sauti na tendo vinakwenda pamoja, na tendo likikoma sauti imekoma. Harufu hubaki. Ukiingia chumbani ukakuta harufu ya sigara, aliyevuta anaweza kuwa ameondoka tangu jana. Kwa hiyo anayesema kwa pua mara nyingi hasemi alichokihisi bali alichokikisia kutokana na alichokihisi, na ukisiaji tayari una kiambishi chake katika lugha hii, ambacho ni -le. Je, "mtu amevuta sigara humu" inachukua -su au -le? Na "samaki anaungua", wakati moshi unatoka sasa hivi jikoni, inachukua ipi? Makala ina mifano ya aina zote mbili, imechanganywa bila kutenganishwa. Nilipoipanga upya kwa kalamu pembeni ya ukurasa, mifano sita ilikuwa ya mabaki ya harufu baada ya tukio kwisha, na yote sita ilikuwa na -su. Hili ni jambo la kuvutia. Kama litasimama, ni habari njema kwa mwandishi, maana kiambishi cha kawaida cha yasiyoonwa kingetarajiwa kumwachia -le kazi hiyo. Sikulikalia kimya. Mhakiki akigundua hoja inayomsaidia mwandishi dhidi ya mhakiki mwenyewe, inambidi aiandike.

Ndiyo maana nilimwelekeza kwenye Kimatses, lugha ya watu wa mpakani mwa Peru na Brazili. David Fleck alionyesha mwaka 2007 kwamba kitenzi cha Kimatses kinachotokana na kukisia hubeba nyakati mbili. Mwindaji anayesema nguruwe mwitu walipita hapa huonyesha walipita lini, na tena huonyesha yeye mwenyewe aliziona nyayo lini. Walipita zamani na nyayo nimeziona sasa hivi ni umbo moja. Walipita zamani na nyayo nikaziona zamani hizohizo ni umbo jingine. Sikumwambia mwandishi kwamba lugha yake iko hivyo. Nilimwomba aazime utaratibu wa Fleck: kwa kila mfano wa -su aandike tukio lilitokea lini na harufu ilimfikia msemaji lini, halafu aone kama kiambishi kinafuata la kwanza au la pili.

Jambo la tatu linahusu asili ya kiambishi. Mwandishi anataja kwa haki kwamba kitenzi cha kunusa katika lugha hiyo huanza na su-, na analichukua hilo kama ushahidi wa mwisho. Kwangu linaleta mashaka ya aina nyingine. Inawezekana -su bado ni kitenzi kilichobanwa mwishoni mwa kitenzi kingine, na "samaki anaungua-su" ni njia fupi ya kusema "nanusa samaki akiungua". Kwa hali hiyo hatuna aina mpya ya ushahidi bali tuna sentensi mbili zilizosongamana.

Kipimo cha hili kipo, hakina gharama, na kinaweza kuchekesha. Kinatokana na kazi kama ile ya Martina Faller, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 2002 juu ya Kikechua cha Cusco huko Peru. Alama halisi ya ushahidi haibishaniwi moja kwa moja. Mtu wa Cusco akisema kwa alama ya masimulizi kwamba Inés alimtembelea dada yake jana, ukimjibu "si kweli" utakuwa umekana kwamba Inés alikwenda. Hujakana kwamba msemaji alisimuliwa. Kitenzi kamili ni tofauti. Nikisema "nasikia harufu ya samaki anayeungua", unaweza kunijibu "Wacha bwana, una mafua wewe, huwezi kunusa chochote", na umenikana kweli, kwa sababu kunusa kwangu ndicho nilichokitangaza. Basi mwandishi amchukue mtu mwenye mafua ambaye kila mmoja anajua ana mafua, amwombe aseme "samaki anaungua-su", halafu awaulize wasikilizaji kama wanaweza kujibu "uongo!" wakati samaki kweli anaungua. Wakikataa kujibu hivyo, na badala yake wakasema kwamba amesema ovyo, -su ni alama ya sarufi. Wakijibu "uongo!" bila kusita, ni kitenzi.

Kuhusu jinsi maswali ya mezani yalivyoulizwa sikuwa na mengi. Mwandishi aliuliza kwa lugha ya serikali ya huko, akitaja harufu ndani ya swali lenyewe: ungesemaje ukinusa samaki anaungua? Kwa swali hilo msemaji mwungwana atakupa unachokitaka. Nilipendekeza mikebe minne isiyopenyeza mwanga, yenye matundu madogo. Mmoja una kahawa iliyokaangwa, wa pili kokoto, wa tatu kitambaa kilicholowa maji ya baridi chenye ncha inayotokeza kidogo ili kiguswe kwa kidole, na wa nne una kitu kinachoonekana kupitia kioo. Msemaji anapewa mkebe na kuulizwa kwa lugha yake mwenyewe, na mtu wa kwao, kuna nini humo. Neno kunusa, kusikia wala kuona halitajwi. Watu wanane, kila mmoja akipita mikebe yote kwa mpangilio tofauti, ni kazi ya mchana mmoja, na itamwambia mwandishi zaidi ya mifano mingine 100 ya samaki.

Wahakiki wengine wangeishia hapo na kuandika ikataliwe. Ninawaelewa, lakini historia ya fani hii inatufundisha kuwa waangalifu. Mwaka 1997 Scott DeLancey alichapisha makala akisema kwamba lugha kadhaa zina alama ya sarufi kwa habari isiyotarajiwa, tofauti na alama za ushahidi. Msemaji wa Kiswahili anaweza kulielewa dai hilo kwa kufikiria kumbe ikiwa imegeuzwa kuwa kiambishi cha lazima. Miaka 15 baadaye, 2012, Nathan Hill alijibu katika jarida lilelile kwa makala iliyosema tangu kwenye kichwa chake kwamba kitu hicho hakipo. Aliichukua lugha ya Lhasa, mojawapo ya nguzo za hoja, akaonyesha kwamba neno lililosemwa kuwa la mshangao linaeleweka vizuri zaidi kama alama ya kujua kwa milango ya fahamu. Unachokiona sasa hivi mara nyingi kinakushangaza, basi mshangao ulikuwa umedandia tu. DeLancey akajibu mwaka huohuo kwa kutegemea lugha nyingine, zikiwemo za Nepali, na Aikhenvald naye akaingia kulitetea dai kwa namna yake. Mabishano hayo yalitupa maelezo bora ya Kitibeti kuliko tuliyokuwa nayo, na mengine ya lugha ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzisoma. Kama makala ya 1997 ingezuiwa mlangoni kwa sababu dai lake lilikuwa pana kuliko ushahidi wake, mabishano hayo yangekosa pa kuanzia.

Ila mlango una kazi yake pia. Kuna namna ya dai ambayo ikishachapwa huingia katika vitabu vya wanafunzi kwa miaka, na alama ya pua ni ya namna hiyo, tamu kusimulia na rahisi kukumbuka. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha kwamba Wajahai wa Malaysia hutaja harufu kwa wepesi uleule wanaotaja rangi, kwa maneno maalumu ya harufu ambayo lugha nyingi hazina. Mwandishi wetu anawanukuu, kwa haki, ili kuonyesha kwamba pua inaweza kupewa heshima katika lugha. Lakini utajiri wa maneno hauthibitishi kiambishi. Sisi tunatofautisha kunuka na kunukia, jambo ambalo wengi hawalifanyi kwa kitenzi kimoja kimoja, na bado hatuna sarufi ya pua.

Pendekezo langu lilikuwa irekebishwe sana. Niliomba kichwa kibadilishwe, kisitangaze aina mpya ya ushahidi bali kieleze mfumo wa ushahidi wa lugha hiyo, na dai la harufu lihamie sehemu ya mwisho kama swali lenye majibu mawili. Katika barua ya pembeni kwa mhariri, ambayo mwandishi haioni, niliandika mambo mawili tu: kwamba data ni za kuaminika, na kwamba ningependa kuisoma tena ikirudi. Sikuandika humo lawama yoyote ambayo haikuwa katika ripoti. Kumsema mtu mahali asipoweza kujibu si uhakiki.

Aya ya mwisho ya ripoti ilieleza ni nini kingenifanya niache pingamizi, ili mwandishi asibaki akikisia. Kama watu wanane wakishika mkebe wa kahawa na kufunga kitenzi kwa -su, halafu wote wakishika mkebe wa kokoto na ule wa kitambaa baridi na kuchagua kiambishi kingine. Kama mabaki ya harufu yataendelea kuchukua -su hata tukio likiwa la juzi. Kama mwenye mafua hataambiwa "uongo". Na kama yule bibi, akiulizwa na jirani yake kwa lugha yao kwa nini alisema homa-su, atajibu kwamba alimnusa mtoto kabla ya kumgusa, basi safu mpya ichorwe, na makala itoke na kichwa chake cha kwanza, kilekile nilichoomba kifutwe.